Oda "inayosubiri" inasubiri nini hasa?

Neno "inasubiri" kwenye ukurasa wa oda ya mtandaoni linaficha mambo matatu yasiyofanana. Huenda pesa haijathibitishwa. Huenda pesa imeingia lakini bidhaa yenyewe haijatengwa kwa jina la mnunuzi. Huenda pesa ipo, bidhaa ipo, na kilichobaki ni mzigo kutoka mlangoni. Mnunuzi anaona neno moja na kudhani tatizo ni moja. Mwuzaji naye, akiwa na haraka, hulijibu kwa neno moja: subiri. Kumbe kila moja ya hali hizo ina daftari lake. Malipo yako kwenye rekodi za kampuni ya pesa, mali iko kwenye hesabu ya stoo, na safari iko kwa msafirishaji. Anayetaka kujua oda imekwama wapi lazima afungue daftari linalohusika, na afungue kwa mpangilio huo, kwa sababu jibu la la kwanza ndilo linalosema kama kuna haja ya kufungua la pili.

Maduka mengi madogo ya mtandaoni hutumia WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, na nchini Kenya wateja wengi hulipa kwa M-Pesa. Mfano utakaofuatwa hapa ni wa duka la namna hiyo: duka la madera mjini Mombasa lenye kaunta, rafu na tovuti, mhudumu mmoja, na mwenye duka anayepita jioni. Oda ni namba 1846, ya Alhamisi tarehe 13 Juni 2024. Mnunuzi yuko Nakuru. Anataka dera moja la zambarau, saizi XL, kwa shilingi 2,800, na nauli ya mzigo shilingi 400. Jumla 3,200.

Kwanza, maana ya maneno yanayoonekana kwenye skrini. Oda ikizaliwa na malipo hayajajulikana, WooCommerce huipa hali ya `Pending payment`. Malipo yakithibitishwa inakuwa `Processing`. Neno hili huwapotosha wengi: mnunuzi hudhani pesa ndiyo inayoshughulikiwa, wakati maana yake kwa mwuzaji ni kwamba oda iko tayari kufungashwa. `On hold` ni oda iliyoshikiliwa mpaka mwuzaji ahakikishe pesa kwa macho yake, kama inavyokuwa kwa malipo ya benki. `Completed`, kwa bidhaa za kushikika, ni alama anayoiweka mwuzaji mwenyewe kwa kubofya. Hakuna mashine inayokwenda kuangalia kama mzigo umetoka kweli. Wako wauzaji wanaobofya `Completed` pesa ikiingia tu, kwa furaha, na mteja akapata barua pepe ya kumwambia oda yake imekamilika wakati dera bado limetundikwa ukutani.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye malipo ya mkononi mzigo ukifika. Oda ya namna hiyo huenda moja kwa moja kwenye `Processing`, ingawa hakuna hata senti iliyoingia. Kwa hiyo hali ya oda peke yake haithibitishi malipo. Lazima isomwe pamoja na njia ya malipo iliyoandikwa kwenye oda hiyohiyo.

Sasa daftari la kwanza. Mnunuzi wa Nakuru alibonyeza kitufe cha kulipa saa nne na dakika nne asubuhi. Simu yake ikaleta kidirisha cha kuweka PIN, akaiweka, na SMS ya M-Pesa ikaingia: shilingi 3,200 zimelipwa. Ukurasa wa duka ukabaki na `Pending payment`. Saa nne u nusu akatuma ujumbe: "Dada, pesa imeshakatwa na oda yangu bado inasema inasubiri." Mhudumu alikuwa na wateja kaunta na hakuuona ujumbe huo mpaka baada ya adhuhuri.

Ili kuelewa kilichotokea, ni vizuri kujua kwamba malipo ya aina hii huwa na majibu mawili. Tovuti ya duka hutuma ombi kwa Safaricom kupitia mfumo uitwao Daraja. Safaricom hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na kulipa namba yake iitwayo `CheckoutRequestID`. Jibu hilo la kwanza huwa na `ResponseCode` ya 0, na maana yake ni moja tu: kidirisha cha PIN kinapelekwa kwenye simu. Halisemi chochote kuhusu pesa. Jibu la pili huja baadaye, mteja akishaweka PIN, akikataa, au muda ukimwishia. Hilo ndilo lenye `ResultCode`, nalo hutumwa na Safaricom kwenye anwani ya tovuti ambayo duka liliitaja mwanzoni. Mteja akibonyeza kukataa, jibu hilo huwa hivi:

```
"ResultCode": 1032,
"ResultDesc": "Request cancelled by user"
```

`ResultCode` ikiwa 0, malipo yamefanyika, na jibu huambatana na kiasi, namba ya simu na namba ya risiti ya M-Pesa. Ikiwa 1, salio halikutosha. Ikiwa 2001, PIN ilikosewa. Ikiwa 1037, simu haikufikiwa au mteja hakujibu kwa wakati. Katika hali zote hizi isipokuwa ya 0, hakuna pesa iliyotoka, na oda kubaki inasubiri ni sahihi kabisa: mteja alipe tena.

Shida ni jibu la pili lisipofika kabisa. Safaricom imelituma, lakini tovuti ya duka ilikuwa imezimika, au imehamishwa kwa anwani mpya bila kubadilisha ile iliyotajwa kwa Daraja, au ina mlinzi mkali mno. Katika duka letu ilikuwa hili la mwisho. Jumatano usiku fundi aliweka programu ya kuzuia wadukuzi, na programu hiyo ikaona kitu kisicho kivinjari cha mtu kinabisha hodi, ikakifukuza. Pesa ikaingia kwenye akaunti ya duka huku duka lenyewe halina habari.

Dalili ya hitilafu ya namna hii ni rahisi kuitambua. Kama ni oda moja tu iliyokwama kati ya ishirini, huenda mteja ndiye hakumaliza kulipa. Kama tangu saa fulani hakuna oda hata moja ya M-Pesa iliyovuka kwenda `Processing`, na zote kabla ya saa hiyo zilivuka, basi mlango wa kupokea majibu umefungwa, na kuwaambia wateja wajaribu tena ni kuwakusanyia malipo mawili mawili.

Uthibitisho wa pesa haupatikani kwenye SMS ya mteja, wala kwenye picha ya SMS hiyo. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, na picha inaweza kuchezewa. Uthibitisho uko kwenye taarifa ya miamala ya duka lenyewe, ile anayoifungua mwenye duka kwenye programu ya biashara ya M-Pesa au kwenye tovuti yake. Hapo hulinganishwa vitu vinne: namba ya risiti, kiasi, saa, na namba ya simu kwa kadiri inavyoonekana. Vyote vinne vikikubaliana na oda, swali limefungwa. Fundi wa duka anaweza pia kuiuliza Daraja moja kwa moja kwa kutumia ile `CheckoutRequestID`, na akapata matokeo hata kama jibu la awali lilipotea.

Namba ya risiti nayo huzungumza kidogo kwa aliyezoea kuisoma. Ina herufi na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo hufuata tarehe: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Risiti za 2024 zilianza na S. Juni, mwezi wa sita, ni F. Siku za mwezi huandikwa 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10, B kwa tarehe 11, na kuendelea, kwa hiyo tarehe 13 ni D. Risiti ya mnunuzi wa Nakuru ilipaswa kuanza na SFD, na ndivyo ilivyoanza. Hili halitoshi kuthibitisha malipo, ila linatosha kumkamata anayeleta risiti ya mwezi uliopita akidai ni ya leo.

Saa nazo huhitaji uangalifu. Tovuti ya WordPress ambayo haikuwekwa majira ya Nairobi hubaki na majira ya dunia, yaliyo nyuma kwa saa tatu. M-Pesa itaandika 10:05, na oda itaandika 07:04. Mhudumu asiyelijua hilo huona pesa imekuja saa tatu baada ya oda na kusema si yake. Ongeza mazoea yetu ya kuita 10:05 saa nne na dakika tano, na mazungumzo ya simu kati ya mteja na duka huwa na saa tatu tofauti kwa tukio moja. Dawa ni kutazama mipangilio ya tovuti mara moja na kuirekebisha.

Kiasi pia hudanganya. Wako wateja ambao, kidirisha cha PIN kikikawia, hulipa wenyewe kwenye till namba ya duka. Malipo hayo hayana uhusiano wowote na oda, maana kompyuta haijui kwamba shilingi zilizoingia ni za namba 1846. Tena mteja anayelipa kwa mkono husahau nauli mara kwa mara. Akilipa 2,800 kwa oda ya 3,200, pesa imethibitishwa lakini oda haijalipwa, na hali ya `Processing` haitakuwa kweli mpaka zile 400 zipatikane au mwuzaji aamue kuzisamehe.

Kwa oda yetu, vitu vyote vinne vilikubaliana. Shilingi 3,200, saa nne na dakika tano, risiti inayoanza na SFD, namba ya simu ileile. Mhudumu angeweza kubofya `Processing` na kumtumia mteja pole. Wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo kosa la pili huzaliwa, kwa sababu pesa kuwapo hakumaanishi dera lipo.

Daftari la pili ni la stoo. Mteja anapoweka oda, WooCommerce haishushi hesabu ya mali papo hapo. Huishikilia kwa muda, na muda huo, kama mwenye duka hakuubadilisha, ni dakika 60. Wakati huo mteja mwingine akifika kulipia dera lilelile la mwisho atazuiwa, ingawa namba inayoonekana kwa mhudumu bado ni 1. Malipo yakithibitika, namba hushuka kweli na kushikilia kwa muda kunakwisha. Dakika zikipita bila malipo kujulikana, mfumo huifuta oda na kuandika kwenye kumbukumbu zake:

```
Unpaid order cancelled - time limit reached.
```

Ufutaji huo haufanyiki lazima dakika hiyohiyo. Hutegemea ratiba ya kazi za tovuti, ambayo kwa kawaida huamshwa na wageni wanaoitembelea, na tovuti isiyo na wageni wengi huchelewa. Lakini unakuja. Oda 1846 ilifutwa saa tano na dakika kumi. Mnunuzi wa Nakuru, ambaye hakuufungua ukurasa upya, aliendelea kuona "inasubiri".

Saa tano na dakika thelathini na tano, mteja wa Malindi akaagiza dera la zambarau, XL, la mwisho, kwa malipo ya mkononi. Ikawa oda 1849, na ikaingia `Processing` moja kwa moja. Hesabu ikashuka kutoka 1 hadi 0.

Mhudumu alipofungua oda 1846 mchana alikuwa na pesa iliyothibitika na oda iliyofutwa. Kitu cha kutazama hapo ni kumbukumbu zinazojiandika pembeni mwa oda. Kama mali ya oda imetolewa kwenye hesabu, pana mstari unaoanza na `Stock levels reduced:`, ukifuatiwa na jina la bidhaa na namba mbili, ya kabla na ya baada. Kwenye 1849 mstari huo ulikuwapo, 1→0. Kwenye 1846 haukuwapo. Pasipo mstari huo, bidhaa haijatengwa, hata oda iwe na hali gani. Isipokuwa moja: bidhaa ambayo mwenye duka hakuiwekea hesabu kabisa haitakuwa na mstari wowote, na kwa hiyo kompyuta itaiuza hata mara mia.

Saizi ni chanzo kingine cha kosa hapa. Dera lenye saizi nne linaweza kuhesabiwa kwa jumla au kwa kila saizi. Likihesabiwa kwa jumla, skrini itasema yamebaki 6 wakati hayo sita yote ni M, na mteja wa XL atalipa bila kuzuiwa. Kwenye duka lenye kaunta kuna jambo la ziada: dera linalouzwa kwa pesa taslimu kwa mpita njia halishuki kwenye kompyuta mpaka mtu alishushe. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya kukagua stoo ni kuamka kitini, kwenda kwenye rafu na kulishika dera kwa mkono. Mhudumu alikwenda. Dera la XL lilikuwa moja, na lilikuwa na karatasi ya 1849.

Je, ampe nani? Programu haina jibu, na itakubali lolote. Mhudumu akibadilisha 1846 kuwa `Processing`, WooCommerce haitauliza kama dera lipo. Itashusha hesabu kutoka 0 hadi -1 na kuendelea. Aliyelipa kwanza ana haki ya wazi kwenye pesa yake. Wa Malindi hajalipa, lakini ameahidiwa na duka bila kosa lake, na dera lake limeshafungwa. Mhudumu alimpigia fundi cherehani, akaambiwa madera mawili ya rangi hiyo, XL, yatafika Ijumaa jioni. Akampigia mnunuzi wa Nakuru, akamweleza kwamba pesa yake imeonekana, dera litafika kesho, mzigo utatoka Jumamosi asubuhi, na kwamba akipenda atarudishiwa 3,200. Akakubali kungoja.

Baada ya simu hiyo ndipo hali ya oda ikabadilishwa, na hata hapo palikuwa na njia tatu, mbili zikiwa mbaya. Kuirudisha kwenye `Pending payment` kungeonekana ni jambo la kawaida, lakini saa ingeanza upya na oda ingefutwa tena baada ya dakika 60. Kuiweka `On hold` kungemtumia mteja barua pepe ya kumwambia duka bado linasubiri kuthibitisha malipo yake, yaani kinyume cha alichoambiwa kwenye simu dakika tano zilizopita. Iliyobaki ni `Processing`. Imelipwa, na ndivyo isomwe. Hesabu ikaenda -1, nayo ikawa deni la wazi: duka linadaiwa dera moja. Mhudumu akaandika kwenye kumbukumbu ya ndani namba ya risiti, saa, na jina la aliyekagua, kisha akamwandikia mteja kumbukumbu ya pili yenye ahadi ya Jumamosi.

Ile -1 ina thamani ambayo wengi huiharibu siku ya pili. Ijumaa jioni madera mawili yalifika. Anayehesabu rafu ataona mawili na kuandika 2 kwenye kompyuta. Akifanya hivyo, deni linafutika, na mchana wa Jumamosi duka litauza madera mawili wakati moja lina mwenyewe. Namba ya kompyuta ni idadi ya yanayoweza kuuzwa, na hailingani na idadi ya yaliyo rafuni mradi kuna oda ambazo hazijatoka. Hapa hesabu sahihi ni -1 jumlisha 2, yaani 1.

Daftari la tatu ni fupi, lakini ndilo lenye maneno mengi ya kuzuga. Kati ya `Processing` na mzigo kuondoka kuna kazi tatu: kuitoa bidhaa rafuni, kuifunga, na kuikabidhi kwa msafirishaji. WooCommerce haitofautishi kati yao. Oda ambayo haijaguswa na oda iliyofungwa inayongoja boda zote ni `Processing`. Njia nyepesi ni karatasi: oda ikichapishwa, karatasi huandamana na bidhaa, na mahali karatasi ilipo ndipo oda ilipo. Karatasi ikiwa bado kwenye mashine ya kuchapa, hakuna aliyeanza.

Namba ya kufuatilia mzigo haithibitishi kwamba mzigo umetoka. Namba hiyo hutolewa lebo inapotengenezwa, na lebo inaweza kukaa siku mbili juu ya boksi. Kinachothibitisha ni rekodi ya kwanza ya msafirishaji mwenyewe kwamba ameupokea. Kwa mzigo wa posta wa nchi za nje, wenye namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi kama KE, rekodi hiyo huonekana mtandaoni ikiwa na mahali na tarehe. Namba isiyo na tukio lolote, au yenye tukio la kutengenezwa kwa lebo tu, ni ya mzigo ambao haujatoka. Kwa mzigo unaopanda basi kutoka Mombasa kwenda Nakuru, ushahidi ni risiti ya ofisi ya vifurushi yenye namba, jina la mpokeaji na muhuri wa siku. Mwuzaji anayesema "nimeshatuma" na hana karatasi hiyo, mara nyingi amemkabidhi kijana wa boda na anaamini amefika stendi.

Kwa mnunuzi asiyeweza kuona kumbukumbu za ndani, kazi ni kuuliza swali linaloweza kujibiwa. "Oda yangu imefikia wapi?" hupata "inashughulikiwa". Mwenye kuandika namba ya oda, namba ya risiti, kiasi na saa, kisha akauliza mambo matatu kwa zamu, hupata majibu: je, risiti hii iko kwenye taarifa ya duka, je, dera la saizi yangu limewekwa kando kwa namba yangu, je, risiti ya msafirishaji ni namba ngapi. PIN haihusiki popote, na anayeiomba ili "kuthibitisha malipo" si mwuzaji. Kulipa mara ya pili pia kusubiri mpaka swali la kwanza lijibiwe. Ikitokea mtu amelipa mara mbili, risiti huwa mbili na zote zitakuwa kwenye taarifa ya duka, lakini kurudishiwa moja huchukua muda kuliko kuuliza.

Kwa mwenye duka, oda 1846 iliacha kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiambia programu ya ulinzi iruhusu majibu ya Daraja, kisha kupitia taarifa ya M-Pesa tangu Jumatano usiku na kuilinganisha na kila oda iliyofutwa. Nyingine mbili zilipatikana, zote za leso, na zote leso zilikuwapo. Ya pili ilikuwa kuuongeza ule muda wa dakika 60. Akiuacha mfupi, hitilafu ndogo ya saa moja humnyima dera aliyelipa. Akiuweka wa siku nzima, kila anayeweka oda na kughairi hulifungia wengine dera la mwisho hadi kesho. Akiacha nafasi hiyo tupu, oda zisizolipwa hazifutwi kabisa, wala mali haishikiliwi. Aliweka dakika 180.

Dera la zambarau lilifungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ofisi ya vifurushi ikiwa imeshafungwa. Lilipokelewa stendi Jumamosi saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mhudumu akapiga picha risiti na kuituma Nakuru, akarudi dukani, na ndipo akabofya `Completed`.